Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: reti ya dola na kupanda kwa bei kwenye bajeti ya vifaa vya kuagiza nje

Haya ni maswali ninayoulizwa sana na watu wanaojenga huku kwetu, Moshi na Arusha: mwenye lodge ndogo Shanty Town, mwenye apatimenti Njiro, shule, zahanati. Wote wanafanana kitu kimoja, jengo lipo kwenye hatua ya kumalizia na sasa wanataka kuagiza tailizi, vyoo, koki na vitasa moja kwa moja China badala ya kununua dukani. Bajeti ipo kwa shilingi, saplaya anataka dola, na kati ya siku ya kuandika bajeti na siku ya kulipa ya mwisho miezi inapita. Kwa kazi mimi ni mkadiriaji majenzi, kwa hiyo nitajibu kwa namba, ila sio nyingi usiogope.

Kwani nikiweka tu asilimia kumi ya dharura juu ya jumla si inatosha?

Inaweza kutosha, inaweza kuzidi, inaweza kupelea, na shida ni kwamba huwezi kujua ipi mpaka hela iishe. Asilimia kumi ya jumla inachanganya vitu ambavyo havifanani. Fundi wako wa kuweka tailizi analipwa shilingi, lori la kutoka Dar linalipwa shilingi, hao dola ikipanda leo hawakupandishii kesho asubuhi. Upande mwingine una pesa za saplaya na za meli ambazo ni dola tupu, na kodi ambayo inaonekana ni shilingi lakini inafuata dola (tutafika huko).

Halafu dharura ina kazi yake. Tailizi zinavunjika, bafu moja linakutwa na ukuta uliopinda, mwenye nyumba anabadilisha mawazo kuhusu sinki. Ukiweka kila kitu kwenye fungu moja linaloitwa dharura, mwezi wa pili mtu ameshalitumia kununua geti, na siku ya kulipa balansi ya kontena hakuna kitu.

Mimi natenganisha mafungu matatu: akiba ya dola, ambayo ni kwa ajili ya reti tu, akiba ya bei, ambayo ni kwa ajili ya saplaya au meli kupandisha bei yenyewe kwa dola, na dharura ya kazi, ambayo ni mambo ya saiti. Kila moja na mstari wake kwenye bajeti.

Reti gani ya dola niandike kwenye bajeti?

Sio ile ya Gugo. Ile ni ya katikati, hakuna mtu atakuuzia dola kwa reti hiyo. Ya Benki Kuu inatoka kila siku na ni nzuri kwa kufuatilia mwenendo, lakini wewe unalipa kwa TT, yaani uhamisho wa kwenda nje, kupitia benki yako, kwa hiyo reti yako ni ile ambayo benki yako *inauza* dola kwa uhamisho, siku unayoandika bajeti. Piga simu tawini, waulize reti ya kuuza kwa kiasi chako, maana anayenunua dola elfu mbili na anayenunua elfu thelathini hawapewi reti moja, huyu wa pili anaweza kuomba apunguziwe kidogo na mara nyingi anasikilizwa.

Andika reti hiyo, tarehe, na jina la benki juu kabisa ya bajeti. Nimeshaona bajeti za mamilioni ambazo hazionyeshi popote zilitumia reti gani, mtu anabaki anagawanya kwa kikokotoo kutafuta ilikuwa ngapi.

Na usiongeze "kidogo" kwenye reti yenyewe. Yaani kama benki inauza 2,500 usiandike 2,650 eti kujihami. Hapo umeficha akiba ndani ya bei, hakuna anayeiona, hakuna anayeweza kuipima ikitumika. Andika 2,500, na akiba iwe mstari wake.

Kodi inalipwa TRA kwa shilingi, sasa dola inaingiaje?

Hili ndilo linalowaumiza wengi. Ushuru wa forodha unahesabiwa kwenye CIF, yaani bei ya mzigo pamoja na bima na freti ya meli mpaka bandarini. Hiyo CIF iko kwa dola, TRA wanaigeuza kuwa shilingi kwa reti yao ya forodha ya wakati wa kutoa mzigo, sio ya siku uliyoagiza. Halafu VAT ya 18% inakaa juu ya CIF *pamoja na* huo ushuru. Dola ikipanda asilimia 5, kodi nayo inapanda asilimia 5, japo hundi umeandika kwa shilingi.

Tuseme bidhaa yako iko kwenye ushuru wa 25%. Kila dola 1 ya CIF inazaa senti 25 za ushuru, inakuwa 1.25, ukizidisha na VAT inakuwa 1.475. Maana yake dola moja saplaya aliyoongeza, kwako ni karibu dola moja na nusu. Kuna tozo nyingine ndogo ndogo juu yake, hizo ajenti wako wa forodha akupe orodha pamoja na asilimia halisi ya bidhaa yako kabla hujaandika chochote, kwa sababu ushuru wa tailizi sio lazima ufanane na wa vitasa, na bajeti ya serikali kila Juni inaweza kubadilisha, ikianza kutumika Julai mosi. Kama mzigo wako utafika Julai, hicho ni kitu cha kuuliza mapema.

Kama biashara yako imesajiliwa VAT unaweza kuidai hiyo ya bandarini baadaye kama kodi ya manunuzi, kwa hiyo mwishowe sio gharama. Lakini siku ya kutoa kontena lazima uwe nayo mkononi, na reti imeigusa vilevile.

Sawa, sasa akiba ya dola naihesabuje?

Twende na mfano mmoja mpaka mwisho. Lodge ndogo Moshi, kontena moja kutoka Foshan: tailizi, vyoo, koki, vitasa. Namba ni za mfano, nimezifanya rahisi.

Mzigo ni dola 40,000 FOB, yaani bei ya mzigo ukiwa umepakiwa melini China, bila freti. Freti na bima dola 5,000. CIF dola 45,000. Ushuru tuchukue 25% kwa vyote, dola 11,250. VAT 18% ya 56,250 ni dola 10,125. Kodi jumla dola 21,375. Kwa hiyo vitu vyote vinavyofuata dola ni 66,375. Kwa reti ya bajeti 2,500 hiyo ni shilingi 165,937,500. Gharama za shilingi tupu, yaani ajenti, lori la Dar mpaka Moshi na mafundi, tuseme milioni 34. Jumla karibu milioni 200.

Sasa swali la kujiuliza ni hili: hizo dola 66,375 zinalipwa *lini*? Kwa utaratibu wa kawaida wa saplaya wa China, depoziti 30% ukisaini proforma, yaani ankara ya awali ya bei, na 70% kabla hajakuachia BL, hati ya meli unayotolea mzigo bandarini. Kwenye mfano wetu inakuwa hivi: depoziti dola 12,000 ndani ya wiki mbili. Balansi 28,000 pamoja na freti na bima 5,000, jumla 33,000, kwenye wiki ya kumi hivi. Kodi, dola 21,375, kwenye wiki ya kumi na sita mzigo ukiwa umefika.

Pesa ya wiki ijayo haina hatari sawa na pesa ya baada ya miezi minne. Kwa hiyo usipake asilimia moja kote. Depoziti naiwekea 1%, balansi 4%, kodi 6%. Inatoka hivi:

Depoziti: milioni 30 mara 1% ni 300,000.
Balansi: milioni 82.5 mara 4% ni 3,300,000.
Kodi: 53,437,500 mara 6% ni 3,206,250.

Jumla ya akiba ya dola ni 6,806,250. Linganisha na ile asilimia kumi ya jumla, ambayo ingekuwa milioni 20 ya kitu ambacho hakina jina.

Hizo 1, 4 na 6 umezitoa wapi?

Sio Misahafu, na usizibebe hivyo hivyo. Fungua reti za Benki Kuu za miaka miwili nyuma, ziweke kwenye Ekseli moja kwa kila wiki. Kisha jiulize, kati ya wiki yoyote na wiki ya kumi baada yake dola ilipanda asilimia ngapi? Shuka na orodha yote. Utapata rundo la majibu, mengine hasi. Chukua kile ambacho ni kikubwa kuliko karibu yote, ukiacha yale mawili matatu ya ajabu, hiyo ndiyo asilimia ya malipo ya wiki ya kumi. Rudia kwa wiki kumi na sita. Ni kazi ya nusu saa.

Kwanini miaka miwili na sio miezi mitatu? Kwa sababu miezi mitatu inadanganya. Angalia 2024: mwaka ulianza dola ikiwa karibu 2,500, ikapanda taratibu mpaka ikavuka 2,700 kuelekea Oktoba, halafu Desemba ikaporomoka mpaka karibu 2,400. Aliyetazama miezi mitatu ya katikati aliona dola inapanda tu, aliyetazama Desemba peke yake aliona shilingi inaimarika tu, na wote wawili wangeandika bajeti mbovu. Mwaka 2025 ikapanda tena kisha ikashuka tena. Shilingi yetu ina msimu, utalii wa Julai mpaka Septemba na mauzo ya mazao vinaleta dola, miezi ya mwanzo wa mwaka inakuwa kavu zaidi. Sisi wa kaskazini tunaiona kwa macho, hoteli zikijaa na dola zipo. Ila kwa bajeti usitegemee msimu ukuokoe, ukikuokoa vizuri.

Mfumuko wa bei wa taifa uko chini, karibu 3%, si nitumie huo?

Hapana. Ule unapima kapu la matumizi ya kaya: unga, nauli, kodi ya nyumba, mafuta ya kupikia. Choo cha kukaa kutoka Foshan hakimo. Utumie kwa ile milioni 34 ya mafundi na lori kama mradi unakwenda zaidi ya mwaka, basi.

Na saplaya akipandisha bei yenyewe?

Hapo ndipo akiba ya pili inaingia, akiba ya bei, na ina sehemu mbili zenye tabia tofauti kabisa.

Bei ya mzigo ni tulivu kiasi, mradi uheshimu muda wa proforma. Angalia chini kabisa ya proforma kuna mstari wa maandishi madogo unaosema bei inadumu siku ngapi, mara nyingi siku 15 au 30. Baada ya hapo hana deni na wewe. Watu wanachukua proforma ya Januari, wanaenda nayo benki kuomba mkopo, mkopo unatoka Aprili, halafu wanashangaa. Ukishasaini na kulipa depoziti bei imefungwa, hatari hiyo imekwisha. Kwa mfano wetu naiwekea 2%, dola 800.

Freti ni mnyama mwingine. Proforma ya FOB haina freti kabisa, na ya CIF mara nyingi ina neno kwamba freti itathibitishwa wakati wa kupakia. Mwaka 2021 bei za kontena zilipanda mara kadhaa dunia nzima. Mwisho wa 2023 meli zilipoanza kushambuliwa Bahari ya Shamu zikakimbilia kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na freti ikapanda tena 2024. Mtu anauliza, mbona China mpaka Dar meli haipiti Bahari ya Shamu? Kweli haipiti. Lakini meli na kontena ni zilezile duniani, zikitumia wiki mbili zaidi kufika Ulaya zinapungua sehemu nyingine, na bei inapanda hata huku. Kwa hiyo freti naiwekea 30%, dola 1,500, na sioni aibu.

Jumla dola 2,300, halafu *usisahau* kuzidisha na 1.475 maana freti iko ndani ya CIF na kodi inakaa juu yake. Inakuwa dola 3,392.50, kwa 2,500 ni shilingi 8,481,250.

Umeona kitu? Akiba ya bei imezidi akiba ya dola. Watu wanalia na dola kila siku, kumbe kwenye kontena moja lililojaa tailizi nzito, freti na bei ya saplaya kwa pamoja zinaweza kuwachoma zaidi.

Lini napitia upya bajeti? Kila mwezi?

Kila mwezi ni ya ofisini, inapendeza kwenye kikao lakini haiendani na pesa. Mimi naweka vituo kwenye matukio: kabla ya kusaini proforma, kabla ya kulipa balansi, na meli ikishaondoka (hapo ajenti anaanza kuandaa makadirio ya kodi). Vituo vitatu. Kwenye kila kituo unafanya vitu vitatu: unaandika kilicholipwa kwa reti halisi, unapiga hesabu ya dola zilizobaki kwa reti ya leo, unalinganisha na akiba iliyobaki.

Katikati ya vituo unakuwa na kiwango cha kengele. Hiki ni reti ambayo ukilipa dola zote zilizobaki kwa hiyo, akiba inaisha kabisa:

```
kengele = reti ya bajeti + (akiba iliyobaki / dola zilizobaki)
```

Mwanzoni: 6,806,250 gawa kwa 66,375 ni karibu 102.5, kwa hiyo kengele ni 2,602. Dola ikiwa chini ya hapo unalala. Ikivuka, hungoji kituo, unakaa kikao wiki hiyohiyo.

Sasa tuendeshe mfano. Depoziti imelipwa kwa 2,520, yaani shilingi 20 juu ya bajeti mara dola 12,000, umetumia 240,000. Akiba imebaki 6,566,250, dola zimebaki 54,375, kengele mpya ni 2,620. Imepanda kidogo kwa sababu umeshalipa sehemu bila kutumia akiba yake yote.

Wiki ya kumi benki inauza 2,610. Chini ya kengele, ila kwa shilingi kumi tu. Balansi inakula shilingi 110 mara 33,000, ni 3,630,000. Tulitenga 3,300,000, kwa hiyo mstari huo umezidi kwa 330,000, na hapa ndipo mhasibu anapiga kelele. Tulia, fanya hesabu ya mbele: akiba imebaki 2,936,250, dola za kodi zimebaki 21,375, ukizilipa kwa 2,610 zitahitaji 2,351,250. Inatosha. Kengele sasa ni 2,637. Unaandika kwenye kumbukumbu kwamba mstari wa balansi umezidi na mstari wa kodi unaufunika, mnasaini, mnaendelea.

Wiki ya kumi na sita reti ya forodha ni 2,580, kodi inakula 1,710,000. Umetumia jumla 5,580,000, imebaki 1,226,250. Hiyo inarudi kwa mwenye mradi, haiendi kununua geti.

Na kengele ikilia kweli, nafanya nini?

Kama depoziti haijalipwa bado una nafasi kubwa, punguza oda: vitasa vya bei nafuu zaidi, tailizi za jikoni na stoo ununue za kutengenezwa hapa nchini. Kama depoziti imelipwa, kupunguza ni vigumu, maana kiwanda kimeshaanza. Hapo unagusa dharura kwa maandishi, au unasogeza kazi za shilingi ambazo hazina haraka kama uzio au bustani.

Kitu kimoja usifanye: kuchelewesha balansi ukisubiri dola ishuke. Mzigo unakaa kiwandani, ukichelewa kufika unakosana na mafundi, na ukichelewesha kodi wakati kontena liko bandarini ndio mbaya zaidi, siku za bure zikiisha unalipa storeji ya bandari na demareji ya kukaa na kontena la watu, na demareji wenye meli wanaihesabu kwa dola. Ukipata nafuu ya shilingi 20 kwenye dola huku kontena linakula kila siku, hujapata kitu.

Si ninunue dola zote mapema niache kuwaza?

Kama hela ipo imelala kwenye akaunti, ndiyo, fungua akaunti ya dola, nunua za balansi siku unayolipa depoziti, na reti imeacha kukuhusu kwa sehemu kubwa. Akiba ya mstari wa balansi inaachiliwa siku hiyohiyo. Kodi iache kwa shilingi, TRA wanalipwa shilingi, ukinunua dola halafu uziuze tena utapoteza kwenye tofauti ya kununua na kuuza.

Kama hela ni ya mkopo piga hesabu. Mkopo wa 16% kwa mwaka ukiuchukua wiki nane mapema ni karibu 2.5% ya riba. Unalipa 2.5% ya hakika kukwepa 4% ambayo *huenda* isitokee. Wapo wanaoona ni sawa kwa ajili ya usingizi. Mimi binafsi naona nusu kwa nusu ndio busara.

Benki pia zina mkataba wa fowadi, mnakubaliana leo reti ya baada ya siku 60 au 90. Kwa oda ya dola elfu thelathini uliza tu, wengine watakuambia kiasi ni kidogo au wataomba dhamana.

Na kuna hatari isiyo ya reti: dola kutokuwepo. 2023 na 2024 dola zilikuwa adimu, reti ya ubaoni inasema moja, benki inakuambia subiri foleni. Mzigo wa mtu ukakaa, siku zinakwenda. Kwa hiyo ombi la dola lipeleke benki wiki mbili kabla ya siku ya balansi, na proforma na karatasi zote zikiwa kamili.

Saplaya wa hapa hapa amenipa bei ya shilingi, nimepona?

Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kuweka bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa biashara za ndani ya nchi, kwa hiyo wenye maduka wote, kuanzia Sokoine Road mpaka Dabo Road, wanatakiwa wakupe kotesheni kwa shilingi. Ni nzuri, lakini yeye mzigo ananunua kwa dola bado. Atajilinda kwa njia mbili: bei yenyewe imeshabeba akiba yake, au kotesheni inadumu siku 7. Ukiona siku 7 jua hatari iko kwako, itendee kama dola: iwekee akiba mpaka siku ya kulipa. Ukitaka bei isimame, lipa depoziti na aandike kwenye invoisi kwamba bei haibadiliki mpaka tarehe fulani. Neno la mdomo la "usijali boss" halihesabiki.

Mkandarasi wangu anasema mkataba ni bei moja, hatari ya dola ni yake. Nimuamini?

Msome kwanza. Kama mkataba hauna kifungu cha mabadiliko ya bei, kisheria ni kweli hatari ni yake. Kiuhalisia mkandarasi mdogo akibanwa kwenye aluminiamu ya madirisha hafilisiki kimya kimya, anapunguza unene wa profaili au anaondoka saiti. Nikipendekeza, vile vitu vitatu vinne vikubwa vya kutoka nje viandikwe kwenye mkataba na reti ya msingi na tarehe yake, mkubaliane kwamba dola ikisogea ndani ya 3% kila mtu anyamaze, ikizidi hapo kilichozidi kinalipwa au kinakatwa, pande zote mbili. Miradi mikubwa inayotumia FIDIC, mikataba ya ujenzi ya kimataifa, ina fomula yenye fahirisi za bei, tarehe ya msingi ikiwa siku 28 kabla ya kuwasilisha zabuni, lakini kwa nyumba ya vyumba kumi fomula ile ni kujitafutia ugomvi.

Dola ikishuka, akiba ibaki au irudi?

Ihamie mstari unaofuata kituo kwa kituo, irudi mwishoni. Depoziti ikilipwa, kilichobaki kwenye mstari wake kinasaidia mistari inayofuata mpaka kodi ilipwe, baada ya kodi kinarudi chote. Na usipange faida: dola ikiwa 2,450 leo usipunguze bajeti ya kodi kwa 2,450, iache 2,500 mpaka TRA watoe hesabu.

Mfadhili wetu anatuma euro. Inabadilika nini?

Sasa una reti mbili, euro kwa dola na dola kwa shilingi. Ukipokea euro ukaigeuza shilingi halafu shilingi ukaigeuza dola, umelipa tofauti ya benki mara mbili. Waombe walipe saplaya moja kwa moja kutoka kwao kwa proforma yako, wewe ubaki na kodi na mafundi. Wengi wanakubali, ila waambie kwenye bajeti ya kwanza, sio baada ya pesa kuingia. Na akiba ya dola iandike kwa jina lake ikiwa na jedwali la malipo matatu, wafadhili wengi wanafuta neno "dharura" bila kufikiria lakini jedwali lenye tarehe wanalisoma.

Saplaya anataka yuan badala ya dola, nikubali?

Ulizia bei zote mbili siku moja, uzigeuze kwa reti ambayo benki yako inauza dola na inauza yuan. Kama ya yuan ni nafuu kwa zaidi ya 1% na benki yako inatuma yuan bila kuzungukia dola, sawa. Hesabu ya akiba ni ileile, unabadilisha tu reti unayofuatilia, ila kodi ya TRA itakuwa kwenye thamani ya CIF iliyogeuzwa kutoka yuan, kwa hiyo mwambie ajenti mapema asije akajaza fomu kwa dola.